Kwa Utakayerithi Hii Kweri

Sikujui jina, wala sijui utaanza kazi lini. Najua tu kwamba utapewa kompyuta ile yenye kibodi iliyong'oka herufi moja, utaonyeshwa faili moja linaloitwa `ripoti_mwezi.sql`, na utaambiwa, "Hii inafanya kazi, wewe irun tu." Ni kweli inafanya kazi. Ukiibonyeza, sekunde nne hivi, ripoti ya mwezi inatoka: majina ya wahudumu wa afya ya jamii, vijiji vyao vya Kibera na Kawangware, na idadi ya kaya walizotembelea. Haijawahi kugoma hata siku moja. Hilo ndilo tatizo lake kubwa. Kitu kinachogoma mtu hukitengeneza, lakini kisichogoma kinaendelea kukudanganya kwa sauti ya upole.

Mimi si mchambuzi wa data kwa cheti. Niliacha chuo mwaka wa pili wa takwimu, karo ilipokuwa imenishinda, nikaanza kuandika makala za kulipwa kwa kila neno. Hii kazi niliipata kwa sababu walitaka mtu wa "kupanga ripoti vizuri". Sasa naondoka, narudi kuandika. Meneja ameniomba noti ya makabidhiano ya ukurasa mmoja. Ile ya ukurasa mmoja nimemwandikia. Hii hapa ndiyo ya ukweli.

Kwanza ujue pesa inatoka wapi na inaenda wapi. Kila mhudumu anatakiwa atembelee kaya 40 kwa mwezi. Akifikisha, anapata posho kamili. Asipofikisha, nusu. Nani amefikisha? Hii kweri ndiyo inayosema. Hakuna mtu mwingine anayehesabu. Kwa hivyo mstari mmoja ukipotea humu ndani, huko nje ni unga, ni kodi ya nyumba, ni deni la mama wa duka. Usiione kama faili. Ni mshahara wa watu.

Kweri yenyewe ni nzee kuliko sisi wote. Aliyeiandika aliiandika kwa ripoti moja ya mfadhili, na mfadhili huyo hayupo tena. Aliyefuata akainakili, akaongeza masharti yake. Mwingine akaongeza yake. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri siku ile. Mimi nimeikuta ikiwa kama nyumba ya mabati iliyopigwa viraka na wapangaji saba: ukigusa bati moja, lingine linalia.

Nitakueleza mitego minne tu. Ipo mingine, lakini hii minne ndiyo inayokula watu.

Nilianza kuishuku kwa sababu ya daftari. Kuna mama mmoja wa Kianda, mhudumu wa siku nyingi, ambaye huandika kila ziara kwa kalamu kabla hajagusa simu. Ana sababu. Tangu Septemba 2023 serikali ilipozindua wahudumu wake takriban laki moja nchi nzima, wengi wa watu wetu wamebeba simu mbili na fomu mbili: ya serikali na yetu. Huwezi kusimama mlangoni kwa mtu, mtoto analia, ukajaza fomu mbili. Kwa hivyo mlangoni anajaza moja, nyingine anaandika daftarini, jioni anaimalizia nyumbani. Mwisho wa Januari 2024 daftari lake lilikuwa na ziara 43. Ripoti yetu ilisema 36. Alikuja ofisini bila kelele, akaliweka daftari mezani, akasema, "Kijana wangu, hebu tuhesabu pamoja."

Tulihesabu pamoja. Zilizopungua zilikuwa saba. Simu yake ilionyesha zote 43 zimetumwa na seva imezipokea. Nikaingia kwenye jedwali la ziara moja kwa moja, bila kupitia kweri. Zote 43 zimo. Maana yake data haikupotea njiani. Ilipotelea kwetu, ndani ya kweri.

Tatu kati ya zile saba zilikuwa za siku moja: tarehe 31. Na huo ndio mtego wa kwanza. Angalia sharti hili:

```sql
WHERE z.imejazwa BETWEEN '2024-01-01'
                     AND '2024-01-31'
```

Ukilisoma kama binadamu, linasema "kuanzia tarehe moja hadi tarehe 31". Hifadhidata hailisomi hivyo. Safu ya `imejazwa` haishiki tarehe peke yake, inashika tarehe pamoja na saa. Ukiipa tarehe tupu, inajijazia saa yenyewe, na saa inayojaza ni usiku wa manane, mwanzo wa siku. Kwa hivyo "hadi tarehe 31" inakuwa "hadi dakika ya kwanza ya tarehe 31". Siku nzima inayofuata baada ya dakika hiyo iko nje. Seva yetu nayo inaenda kwa saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma ya Nairobi kwa saa tatu. Hiyo dakika ya kwanza kwake ni saa tisa usiku kwetu. Ukizaliwa na ziara ya saa nane usiku tarehe 31 utahesabiwa. Ukitembea mchana kama watu, basi.

Sasa fikiria ni siku gani wahudumu wanafanya kazi zaidi. Ni mwisho wa mwezi, mtu akiwa amebakisha tatu nne kufika 40. Hii kweri ilikuwa inakata ile siku hasa ambayo watu wanajitahidi kufikisha. Na haikuwa Januari pekee. Februari inakata tarehe ya mwisho ya Februari, Aprili inakata 30. Kila mwezi siku moja inaliwa, na hailipwi mwezi unaofuata kwa sababu mwezi unaofuata unaanzia tarehe moja.

Kuigundua ni rahisi ukijua pa kutazama. Hesabu ziara kwa kila siku ya mwezi, uziweke kwenye mstari mmoja. Utaona inapanda, inashuka Jumapili, inapanda tena, halafu siku ya mwisho sifuri. Hakuna ofisi duniani ambayo watu wote hupumzika siku ileile ya mwisho kila mwezi. Dawa yake ni hii, na nimeshaiweka:

```sql
WHERE z.imejazwa >= TIMESTAMPTZ '2024-01-01 00:00+03'
  AND z.imejazwa <  TIMESTAMPTZ '2024-02-01 00:00+03'
```

Usiseme mwisho ni lini. Sema mwezi unaofuata unaanza lini, halafu chukua kila kilicho kabla yake. Na hiyo `+03` usiifute hata ukiona inakuudhi macho. Ndiyo inayosema kwamba siku tunayoizungumzia ni siku ya Nairobi. Mtu akija kukuambia kwamba ameirahisisha kweri, angalia kwanza kama hajarudisha lile neno `BETWEEN`.

Basi tatu zimepatikana. Zikabaki nne. Hizo zilinikalisha siku mbili nzima.

Zote nne zilikuwa ziara alizozijaza jioni kutoka daftarini. Ukijaza fomu palepale mlangoni, programu inachukua saa yenyewe na kuiweka kwenye safu ya `saa_ziara`. Ukijaza baadaye, inakuuliza ziara ilifanyika saa ngapi, nawe unaandika. Yule mama aliandika 2:30, 3:15, 3:40 na 4:20. Na chini kabisa ya kweri, mtu fulani aliyetutangulia aliweka hili:

```sql
AND EXTRACT(HOUR FROM z.saa_ziara) >= 6
```

Nia yake nilikuja kuielewa. Kulikuwa na shaka ya ziara hewa, za kubuniwa usiku mtu akiwa kitandani, na akaona njia rahisi ni kukataa ziara yoyote iliyoandikwa kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Nani anagonga mlango wa watu saa tisa na robo usiku? Hakuna. Lakini 3:15 ya yule mama haikuwa saa tisa na robo usiku. Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi. Aliandika saa jinsi anavyoisema, jinsi mimi na wewe tunavyoisema, na mashine ikaisoma jinsi inavyoisoma yenyewe. Mwanya kati ya saa yetu na saa ya mashine ni saa sita, na ndani ya mwanya huo kazi yake ya asubuhi ikageuka kuwa wizi.

Angalia vile mtego huu unavyochagua watu wake. Sharti linakata 1:00 hadi 5:59. Kwa saa ya Kiswahili hiyo ni saa moja asubuhi hadi kukaribia adhuhuri, muda ambao mama wengi wako nyumbani na wahudumu wanatembea zaidi. Mtu akitembea mchana, saa nane, anaandika 8:00. Mashine inaona ni saa mbili asubuhi, inaridhika, inapitisha. Saa haiko sawa, lakini ziara inahesabiwa na hakuna anayegundua. Kwa hivyo usidhani tatizo ni zile zilizokatwa tu. Zilizopita nazo zina saa za uongo, ila uongo wake haujamuumiza mtu bado. Siku mfadhili atakapokuuliza "wahudumu wenu hufanya kazi saa ngapi?", usimjibu kwa kutumia safu hii.

Utasema, si tuongeze saa sita kwa kila kitu, tumalize? Hapo ndipo nilipokaa siku mbili. Huwezi. 3:00 ina maana tatu. Kwa yule mama ni saa tatu asubuhi. Kwa kijana aliyesoma akazoea saa ya Kizungu ni saa tisa mchana, ameshindwa tu kuandika 15:00. Kwa mtu anayebuni data kitandani ni saa tisa usiku kweli. Namba ni ileile, lakini watu ni watatu tofauti. Hakuna fomula ya kuwatenganisha, kwa sababu tofauti haimo ndani ya namba. Imo ndani ya mtu aliyeiandika.

Kwa hivyo niliwapigia simu wote, mmoja mmoja. "Ukiandika ziara ya asubuhi baada ya chai, unaandika ngapi?" Wengine walicheka. Wengine walidhani nawachunguza, na hawakukosea kuwa na wasiwasi. Majibu nimeyaweka kwenye jedwali dogo linaloitwa `mtindo_wa_saa`: K kwa anayeandika Kiswahili, Z kwa anayeandika Kizungu. Kabla ya kuyaamini nililinganisha na zile ziara ambazo programu yenyewe ilichukua saa. Yule mama, kwa saa za programu, karibu siku zote anaanza saa mbili asubuhi na kumaliza adhuhuri. Ukiongeza sita kwenye 2:30 yake unapata 8:30, inakaa pale pale anapokuwa kila siku. Mtu akisema ni K lakini ukiongeza sita ziara zake zinaangukia muda ambao hajawahi kuonekana akitembea, mpigie tena kabla hujamhesabu vibaya.

Dawa ya kweli ni kubadilisha fomu, mtu achague kwanza asubuhi, mchana au jioni, ndipo aandike saa. Nimeiomba. Haijafanywa. Mpaka ifanywe, kila mhudumu mpya akiajiriwa, swali lako la kwanza kwake liwe hilo la saa. Lile sharti la `>= 6` nimelitoa. Badala yake kweri inaweka alama pembeni ya ziara zenye saa ya kushangaza, na alama hiyo ni ya kumuuliza mtu. Si ya kumkata.

Tatu na nne ni saba. Yule mama alilipwa nusu yake iliyobaki. Wengine kabla yake, wasio na madaftari, hawakuwa na cha kuweka mezani.

Mtego wa tatu ni mbaya kuliko hiyo miwili, kwa sababu hiyo miwili inapunguza watu, huu unawafuta kabisa. Kweri inaanza vizuri, na mtu anayejua kidogo atakuambia iko salama:

```sql
FROM wahudumu w
LEFT JOIN ziara z ON z.mhudumu_id = w.id
WHERE z.imejazwa >= ...
```

`LEFT JOIN` maana yake: niletee wahudumu wote, hata asiye na ziara. Asiye na ziara anakuja na nafasi tupu upande wa kulia. Nzuri. Lakini mstari unaofuata unauliza, je, ziara yake ilijazwa baada ya tarehe fulani? Kwenye nafasi tupu jibu si ndiyo wala si hapana. Ni kimya. Na `WHERE` haipitishi kimya. Inapitisha ndiyo peke yake. Kwa hivyo mstari wa kwanza umemkaribisha mtu ndani, wa pili umemtoa kwa mlango wa nyuma.

Matokeo yake ni kwamba ripoti yetu haijawahi kuwa na sifuri. Hata moja. Tulikuwa tunajisifu nayo, "kila mhudumu aliyeripoti ana ziara". Sasa wewe fikiria, watu wamefanya kazi Kibera na Kawangware msimu wa mvua, wengine wamejifungua, wengine wamefiwa wakaenda ushago, na hakuna hata mmoja aliyepata sifuri mwezi wowote? Ripoti isiyo na sifuri inaficha kitu. Ukiipata tena, usifurahi.

Kitu kilichofichwa kilikuwa na jina, lakini jina sitalitaja. Mhudumu mmoja wa Kawangware aliporwa simu akishuka matatu, jioni. Bila simu hakuweza kutuma chochote. Kwenye ripoti ya mwezi huo hakuwa na sifuri. Hakuwepo tu. Mwezi wa pili pia. Wa tatu, mtu ofisini akasema, "Huyo si aliacha?" na kila mtu akakubali, kwa sababu ripoti haikuwa na jina lake. Wakati wote huo alikuwa anazunguka kwa miguu na daftari, anasubiri mtu ampigie. Angeonekana na sifuri mwezi wa kwanza, mtu angeuliza. Sifuri huuliza swali. Nafasi tupu haiulizi kitu.

Sharti la tarehe limehamia kwenye `ON`, mahali pake:

```sql
LEFT JOIN ziara z
  ON z.mhudumu_id = w.id
 AND z.imejazwa >= ...
 AND z.imejazwa <  ...
```

Na kitu kimoja kidogo kinachoenda pamoja na hilo: hesabu kwa `COUNT(z.id)`, usihesabu kwa `COUNT(*)`. Hiyo ya nyota inahesabu mistari, na mtu asiye na ziara bado ana mstari wake mmoja mtupu, kwa hivyo atatokea na ziara moja ambayo hakuifanya. `COUNT(z.id)` inaruka nafasi tupu, inakupa sifuri yako ya halali. Kuhakikisha ni kazi ya dakika moja: hesabu wahudumu walio hai kwenye jedwali la `wahudumu`, halafu hesabu mistari ya ripoti. Zikitofautiana hata kwa mtu mmoja, mtafute huyo mtu kabla hujatuma.

Mtego wa nne unahusu majina ya mahali, na hapa lazima uwe umetembea. Aliyetengeneza jedwali la `vijiji` nadhani hakuwahi kushuka kule.

Kibera ina Soweto mbili, Soweto Mashariki na Soweto Magharibi. Mtu alitaka majina mafupi yaingie vizuri kwenye chati, akatengeneza safu ya `jina_fupi`, na zote mbili akaziita "Soweto". Halafu kweri ikaunganishwa kwa jina hilo fupi badala ya namba ya kijiji. Kinachotokea ni hiki. Ziara moja iliyoandikwa "Soweto" inaenda kutafuta kijiji chake, inakuta viwili, inajigawa. Sasa ni mistari miwili. Mhudumu aliyetembelea kaya 22 anaonekana na 44, amefikisha, analipwa yote. Jirani yake wa Lindi aliyetembelea 38 kwa jasho lake analipwa nusu. Hakuna aliyeiba. Ni jedwali tu lililoita vitu viwili jina moja. Lakini dawa ya kutibu maji nayo ilikuwa inagawiwa kwa kufuata ripoti hiyo, ikawa Soweto inapata mara mbili, kwa sababu ndiko "kwenye kaya nyingi zaidi zilizofikiwa".

Kawangware ina lake. Kule watu hawasemi kata. Wanasema 46, wanasema 56, majina yaliyotokana na namba za matatu na stejini zake. Mhudumu akiulizwa kijiji anaandika "46", na kila mtu wa Kawangware anajua ni wapi. Lakini kweri ina huruma ya ajabu: ikikosa jina, inajaribu namba ya kijiji.

```sql
ON v.jina_fupi = z.kijiji
OR v.namba::text = z.kijiji
```

Kwenye jedwali letu kijiji namba 46 ni Silanga, huko Kibera, karibu na bwawa la Nairobi. Kwa hivyo ziara za Kawangware zikahesabiwa Silanga. Na kwa sababu orodha yetu inaishia namba 52, wa "56" hawakupata kijiji chochote, wakaachwa. Mtaa mmoja ulihamishwa, mwingine ukafutwa, na kosa lao ni kuandika jina la kwao.

Nimeunganisha upya kwa namba ya kijiji inayotoka kwa mhudumu mwenyewe, maana kila mhudumu ana kijiji chake kimoja na hicho tunakijua. Alichoandika kwa mkono kimebaki kama maelezo tu. Ila jipime kila mwezi: hesabu mistari ya `ziara` kabla ya kuunganisha na vijiji, halafu baada. Ikiongezeka, kuna jina linalogawanyika. Ikipungua, kuna jina lisilopata kwao. Inatakiwa ibaki vilevile, hata mstari mmoja usizidi.

Na usijaribu kurekebisha majina kwa kufuata mipaka ya serikali ukadhani umemaliza. Eneo bunge la Kibra lilitengwa kutoka Lang'ata kwenye uchaguzi wa 2013, na ndani yake kuna Woodley na nyumba za mawe ambazo hakuna anayeziita Kibera. Kwa upande ule mwingine, kuna kata inayoitwa Kawangware, lakini mtu wa Gatina au Kabiro pia atakuambia anaishi Kawangware, na kwa maisha yake ni kweli. Ukichuja `WHERE kata = 'Kawangware'` utawaacha nje watu ambao kila asubuhi wako kwenye steji ileile.

Hili la kuhesabu Kibera limewashinda wakubwa kuliko sisi. Kwa miaka mingi watu waliandika kwamba Kibera ina watu milioni moja, ikawa kama sala. Sensa ya 2009 ikahesabu, ikapata 170,070. Wengine walikasirika, kwa sababu misaada ilikuwa imejengwa juu ya ile milioni. Mwaka huohuo vijana wa Kibera walianza kuchora ramani ya mtaa wao wenyewe, kupitia Map Kibera, kwa sababu kwenye ramani za mtandaoni pale palikuwa kama hakuna kitu. Nayataja haya ujue kwamba namba ya mahali kama hapa haiji peke yake. Kuna mtu anayeihitaji iwe kubwa, kuna mwingine anayeihitaji iwe ndogo, na katikati kuna mtu anayetaka tu aonekane.

Kuna kitu kimoja ambacho sikukirekebisha, na nakuachia makusudi. Jedwali la `kaya` bado lina nyumba zilizobomolewa Kibera Julai 2018 kupisha barabara. Namba zao zipo, hali yao inasoma "hai", na kila ukigawanya ziara kwa kaya zote, zinaingia kwenye hesabu na kuishusha asilimia ya vijiji hivyo. Ni rahisi kuzifuta. Ila baadhi ya familia hizo hazikwenda mbali. Zimehamia ploti nyingine, wahudumu wanazijua, na rekodi za chanjo za watoto wao zimefungwa kwenye namba zile za zamani. Ukifuta kaya, unafuta na chanjo. Nenda na mhudumu wa kijiji, mpitie orodha mlango kwa mlango, muandike nani amehamia wapi. Ni kazi ya wiki tatu hivi kwa miguu. Mkataba wangu umebakisha siku nne.

Faili jipya linaitwa `ripoti_mwezi_2.sql`. Lile la zamani sikulifuta, kwa sababu meneja bado analifungua akitaka kulinganisha na ripoti za nyuma. Zikitofautiana, na zitatofautiana, atakuuliza kwa nini posho zimepanda. Mwambie hazijapanda. Mwonyeshe zile hesabu mbili, ya siku ya mwisho ya mwezi na ya wahudumu wasio na ziara, umwache azitazame mwenyewe.

Na mwisho wa mwezi, ukishairun, kabla hujatuma, chagua jina moja la juu, moja la katikati na moja la chini kabisa. Wapigie. Waulize daftari linasema ngapi.